Kona Iliyochorwa Kama Bakuli

Mimi si mtu wa kuongea. Tangu nianze kidato cha tano sijawahi kunyoosha mkono darasani, hata nikijua jibu. Nikiitwa nasimama, natazama meza, nasema kwa sauti ambayo hata jirani yangu haisikii. Kwa hiyo niliyoyaona wiki ile nayaandika, maana kuyasimulia siwezi.

Mwalimu wetu wa hesabu ni mzee, anakaribia kustaafu. Kwao ni juu kule Mbulu, na akizungumza unaisikia lafudhi. Anafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, lakini jambo likiwa zito anarudi kwenye Kiswahili, na sisi hapo ndipo tunapoelewa. Muhula huu mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mwanzoni tulidhani ni baridi ya asubuhi. Baridi ikaisha, mkono ukaendelea.

Jumatatu alitufundisha tofauti ya mambo mawili: grafu isiyokatika, na grafu ambayo kila nukta yake ina mteremko wake mmoja unaoeleweka. Mfano wake ulikuwa thamani kamili ya x, ile inayoandikwa kwa mistari miwili iliyosimama. Ukiweka hasi tatu unapata tatu, ukiweka tatu unapata tatu. Mchoro wake ni mistari miwili iliyonyooka, inakutana kwenye sifuri kwa ncha kali.

Lakini chaki ilipofika chini, mkono ukatikisika, na ile ncha ikatoka mviringo.

"Haya," akasema, mgongo wake kwetu. "Hapa kwenye sifuri, mteremko ni ngapi?"

"Sifuri, Mwalimu!" Darasa zima.

Akageuka. "Nani kawaambia?"

"Mchoro, Mwalimu," akasema kijana mmoja wa nyuma, mrefu, mtani wa kila mtu. "Chini hapo si pamelala kabisa?" Kisha chini chini, lakini sote tukasikia: "Bakuli la makande hilo."

Watu wakacheka. Mwalimu akautazama ubao. Akafuta, akachora tena, ikatoka mviringo zaidi. Akaweka chaki chini na mkono akautia mfukoni mwa koti.

"Tutaendelea Ijumaa," akasema, na kipindi kilikuwa hakijaisha.

Mimi nilijua kosa liko wapi. Kama chini ni mviringo kweli, basi jibu la darasa ni sahihi, mteremko ni sifuri. Hawakukosea kusoma; walisoma vizuri kitu kilichochorwa vibaya. Lakini ningesemaje? Kusema mchoro umekosewa ilikuwa ni kuusema mkono wake mbele ya watu wote.

Mchana nilitumwa kupeleka madaftari ofisi ya walimu. Mwalimu wa taaluma, kijana bado, alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mwalimu wetu.

"Mzee wangu, kwa heshima zote," alikuwa akisema, "wanafunzi wanasema michoro haisomeki. Ijumaa nitakaa nyuma ya darasa. Nikiona hawaelewi, kidato cha tano nitakichukua mimi. Wewe upumzike hadi siku yako ya kustaafu ifike."

"Njoo tu," Mwalimu akajibu. Ndipo akaniona mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Weka hapo, mwanangu."

Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na aibu, na mimi sikujua kwamba watu wazima nao huionea aibu miili yao.

Nyumbani kwetu Singe, jioni, niliichora ile grafu kwa rula, halafu nikailaza rula yenyewe kwenye ncha. Haikutulia. Ingeweza kuinama kushoto, ingeweza kuinama kulia, na kote ilikuwa inaigusa ncha ileile. Mama, akichambua maharage, akauliza, "Huo ni mchezo au masomo?"

"Masomo, Mama."

"Mbona unalia?"

Sikuwa nikilia. Labda kidogo.

Ijumaa mwalimu wa taaluma alikaa nyuma kama alivyoahidi. Mwalimu wetu aliingia, mkono mfukoni, akasalimu, akaandika kichwa cha somo. Herufi zilikuwa zinapishana. Kisha akasimama, chaki ikimtetemekea vidoleni, akauliza, "Nani atakuja kunichorea ile ya Jumatatu?"

Hata yule mtani alitazama chini.

Sijui niliinukaje. Nakumbuka kiti kikikwaruza sakafu, na jirani yangu akisema, "We!" Nilifika mbele nikiwa nimeshika rula yangu, na Mwalimu akanipa chaki.

Nikachora. Mistari miwili, ncha kali kama alivyotaka.

"Kwetu kuna makorongo ya namna hii," Mwalimu akaliambia darasa. "Unashuka, unapanda, katikati hakuna pa kusimama. Kushoto mteremko ni hasi moja, hata ukisogea karibu kiasi gani. Kulia ni chanya moja. Hizo pande mbili hazikubaliani. Grafu imekatika?"

"Hapana!"

"Ina mteremko kwenye sifuri?"

Baadhi tu wakasema hapana.

"Sasa nichoree kipeuo cha tatu cha x mraba."

Nikachora ncha nyingine, na mistari ikanitoka minyoofu. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Hiyo bado ni kona. Pinda. Kadiri unavyokaribia sifuri, izidi kusimama. Weka sifuri nukta sifuri sifuri moja. Urefu?"

"Sifuri nukta sifuri moja," nikasema.

"Sauti."

"Sifuri nukta sifuri moja, Mwalimu!"

"Gawa kwa x."

"Kumi. Na kushoto, hasi kumi."

"Karibia zaidi, itakuwa mia na hasi mia, na haitakoma. Huo ni mwiba. Pande zote zinasimama wima, moja inashuka, nyingine inapanda."

Mchoro wa mwisho ulikuwa kipeuo cha tatu cha x peke yake. Huo haugeuki, unapanda kutoka kushoto, unasimama wima kabisa kwenye sifuri, unaendelea kupanda. Nikailaza rula pale, ikatulia, imesimama wima.

Mwalimu wa taaluma akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akauliza. "Wewe mrefu wa nyuma. Hapo rula imetulia. Basi mteremko upo?"

Kijana akasimama, akajikuna kichwa. "Mstari wa kugusa upo, Mwalimu. Ila mteremko wake sio namba. Ukigawa inazidi kukua tu." Akanyoosha kidole kwenye mchoro wa kwanza. "Na ile ya Jumatatu, mteremko kwenye sifuri haupo. Tulidanganywa na bakuli."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wetu ndiye aliyetabasamu, kidogo.

Mwalimu wa taaluma akafunga kalamu yake. "Endelea na darasa lako, Mzee," akasema, akatoka taratibu.

Baada ya kipindi nilikuwa bombani nikiosha chaki mikononi. Mwalimu akaja akasimama kando.

"Jumatatu uliona?"

"Niliona, Mwalimu."

"Hukusema."

Nikafunga bomba. Akautazama mkono wake, akauacha utetemeke wazi mbele yangu.

"Hautapona huu," akasema. "Lakini darasa nitalifikisha mwisho wa mwaka."

Jumatatu iliyofuata aliingia, akaitikia shikamoo zetu, na boksi la chaki hakuliweka mezani kwake. Aliliweka juu ya dawati langu. Nikasimama.