Sahihi Mbili

Mimi ni fundi wa plasta. Leo niko saiti Kawangware, kesho niko nyumbani Gatwekera nikitazama mabati. Mke wangu anauza omena, wale dagaa wadogo, sokoni Kisumu Ndogo, na ndiye aliyeanzisha ubishi wa akiba ya dharura.

Mimi nilitaka tuweke mshahara wa mwezi mmoja. Akaniuliza, "Baba, mshahara wa mwezi upi?" Kweli, kwa fundi hakuna miezi miwili inayofanana.

Akaniuliza tena ni lini nilikaa muda mrefu zaidi bila kazi. Ilikuwa wakati wa mvua ya masika: miezi mitatu. Basi tukachukua kodi, unga, maji, mafuta na karo ya mwezi, tukazidisha kwa tatu. Nyama choma ya Jumapili niliiandika mimi, akaifuta yeye.

Tuiweke wapi? Nikataja mkebe wangu wa bati. Alicheka mpaka akashika ukuta, kwani mkebe uliopita niliufungua kwa kisu siku ya fainali ya mpira. Yeye naye alitaja chama chake cha kuchangiana pesa, nikamkumbusha kuwa zamu yake ya kupokea ni mwezi wa nane.

Tukafungua akaunti ya pamoja benki, isiyotoa hela bila sahihi zetu wote wawili. Pesa za wiki moja tu zikabaki kwenye simu.

Akiba ilichukua mwaka na nusu kujaa. Masika yaliyofuata saiti ilifungwa, tukaenda benki. Niliposhika kalamu nikanong'ona, "Na ya nyama?"

Akarudisha kalamu yake mezani.

Nikasema basi, tusahau nyama. Akaichukua tena kalamu, akatia sahihi.