Mashine Ilipokataa Kutazama Nyuso

Kwetu chumba cha maiti tulimwita Taratibu, na jina hilo nilimpa mimi. Ningefanyaje? Ukimwita anajibu, "Nakuja, taratibu." Akila, anakula taratibu, amesimama dirishani. Yeye ndiye aliyetunza kompyuta ya kumbukumbu. Akiletwa marehemu asiyejulikana, mimi nampokea na kumweka kwenye baridi, yeye anampiga picha ya uso na kuiingiza kwenye mashine. Picha ikiwa ya mtu mzima, humwamkia kwa sauti ya chini: "Shikamoo." Mwanzoni nilimcheka.

"Wee! Siku akikuitikia utakimbilia wapi?"

Hakucheka. Baada ya miezi kadhaa na mimi nikajikuta nawaamkia.

Kitu kimoja kilimkera mtu yule kuliko vyote. Anayetafuta ndugu yake kwetu hukalishwa mbele ya kompyuta, akafunguliwa nyuso za marehemu, mmoja baada ya mwingine, mamia. Nimeona watu wazima wakizirai. Nimeona baba akitapika, akafuta mdomo, akaomba aendelee. Taratibu akasema ipo programu ya kulinganisha nyuso. Unaipa picha ya mtu akiwa hai, nayo inakutolea chache tu zinazofanana naye.

"Haithibitishi," alinionya. "Atakayethibitisha ni ndugu, halafu alama za vidole. Hii inapunguza tu wanachopaswa kukiona."

Alhamisi moja akaja mama na picha ndogo ya mwanawe, kijana mpaka rangi wa nyumba, aliyetoka kwenda kazini miezi mitatu nyuma asirudi. Ijumaa asubuhi watu wa manispaa wangekuja kuchukua wasio na ndugu, wakazikwe kwa namba. Mama mwenyewe moyo wake mgonjwa, amefika na dawa mkobani. Daktari mkuu alikataa katakata mama aonyeshwe nyuso zote. Mimi nilizipitia na ile picha mkononi, lakini macho yalinichanganya. Kila kijana mwembamba nilimwona ni yeye.

"Programu yako iko tayari?" daktari aliuliza.

"Tayari, dokta. Nimeijaribu nyumbani, inafanya kazi."

Mashine yetu haina intaneti, hivyo Taratibu aliiandaa programu kwenye laptopu yake mpya akaileta kwenye flashi. Akainakili, mashine ikapokea kila kitu bila kinyongo. Akaiwasha. Kabla hata hatujaipa picha, ikazima, ikaacha mstari mmoja kwenye kioo: agizo lisilo halali.

"Ala! Umeiagiza nini tena?" nikamuuliza.

"Sijaiagiza kitu. Imekufa ilipokuwa inapakia maktaba." Maktaba kwao si ya vitabu. Ni fungu la kazi zilizoandikwa na wengine, ambalo programu huliazima, na hili ndilo lililojua kusoma nyuso.

Akadhani nakala imeharibika njiani. Akaifuta, akainakili upya. Ikafa palepale. Mama alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, akaniita.

"Mwanangu, imekataa?"

"Imekataa, mama."

Akashusha pumzi, akaomba maji ya kunywa. Sikumwelewa.

Daktari akaja, akasema mashine hiyo mbovu, Taratibu aandike barua ya kuomba mpya. Barua! Na kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa. Nikachemka. Daktari alipotoka nikamwambia Taratibu, "Kalete laptopu yako, tumwagie picha humo, tumalize. Nani atajua?"

"Picha za marehemu hazitoki kwenye mashine hii."

"Sheria, sheria! Mama wa watu anateseka hapo nje!"

"Umesahau yule binti ambaye picha yake ilitoka hapa ikasambazwa kwenye simu? Mama yake aliiona akiwa saluni." Nilikuwa sijasahau.

Akavuta kiti, akakaa. Akafikiri kwa sauti, kama kawaida yake: nyumbani inafanya kazi, hapa inakufa, na inakufa mahali palepale kila mara. Basi nakala ni nzima. Kilichobadilika ni mashine. Akafungua orodha ya uwezo wa prosesa, ule ubongo wa mashine, msururu wa vifupisho visivyosomeka, akapitisha kidole kwenye kioo mpaka mwisho. Akarudia tangu mwanzo.

"Haimo," akasema.

"Nini?"

"Prosesa za siku hizi zina maagizo ya ziada ya kukokotoa namba nyingi kwa mkupuo. Hii ya kwetu ni ya zamani, haina. Nilipoijenga maktaba nyumbani, ujenzi ulikagua laptopu yangu, ukaona inayo, ukayatumia. Hapa prosesa inakutana na agizo ambalo haikuzaliwa nalo. Haiwezi kulikisia, mfumo unaiua programu."

"Kama kumpa mtu wa ndoo moja abebe ndoo nane kwa safari moja."

"Hivyo hivyo. Kosa ni langu. Nilijaribu kwangu, sikujaribu hapa."

"Sasa?"

"Nimeleta na msimbo wenyewe, yale maandishi ya asili ambayo maktaba hujengwa kwayo. Naijenga upya hapahapa, na hayo maagizo nayazima. Itakuwa nzito, ila itakwenda."

Mashine ile kuukuu ikaanza kazi. Feni ililia mchana kutwa, mistari ikipanda kwenye kioo kwa kusuasua. Katikati ujenzi ukakwama kwa mashine kuishiwa nafasi ya kumbukumbu, akaupunguzia kasi akauanzisha tena. Mimi nilikuwa naingia na kutoka. Kila nikipita mlangoni, mama ananiuliza, "Bado?" Nikimwambia bado, uso unamlegea, karibu atabasamu. Hapo ndipo nilipoelewa, nikakosa pa kuweka macho. Nikaingia kumwambia Taratibu.

"Najua," akasema bila kugeuka. "Tangu ilipokataa nilimsikia anavyoshusha pumzi."

Jua likiwa limeanza kushuka, ujenzi ukaisha. Akaiwasha. Safari hii haikufa. Akaweka mkono juu ya kibodi, asibonyeze.

"Nikibonyeza hapa..." akasema, asimalizie.

"Bonyeza, kaka," nikamwambia, na sauti yangu mwenyewe ilinitisha.

Akaipa picha ya kijana. Mashine ilijikongoja uso baada ya uso. Mwishowe ikatoa nyuso tatu. Daktari akaja kumshika mama mkono, akamkalisha. Wa kwanza, mama akatikisa kichwa. Wa pili, hakutikisa. Alisogea, akagusa kioo kwenye nyusi, penye kovu ambalo kwenye ile picha ndogo halikuonekana.

"Alianguka mtini," akasema. "Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

Mama akamgeukia Taratibu.

"Tangu asubuhi naiombea mashine yako isifanye kazi."

"Nilijua, mama."

"Ulijua? Na ukaitengeneza?"

"Nikaitengeneza, mama." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hata hakuyafuta. "Unisamehe."

Mama alimkazia macho. Nilidhani atampiga kofi, na nadhani Taratibu angelipokea. Kisha akauliza, "Huyu mmemwandikaje hapa?"

"Kwa namba."

"Ifute."

Taratibu akaifuta. Mama akamtajia jina la mwanawe, la babake na la babu yake. Akaliandika, akamsomea. Mama akasema herufi moja amekosea, akairekebisha.