Kopo la Majibu

Mwanamke mwenye duka la vitabu karibu na kituo cha mabasi aliitwa Bi Mikasi, na jina hilo alilifanyia kazi. Kila kitabu cha mafumbo ya hesabu kilichoingia dukani mwake kilipitia kwanza kwenye meza ya nyuma. Hapo alikifungua mwishoni, akazikata kurasa za majibu, akaandika jina la kitabu juu yake kwa penseli na kuzitia kwenye kopo kubwa la biskuti. Mteja akilalamika kwamba anauziwa kitabu kilichokatwa mkia, alijibiwa kwamba majibu yapo, hayajaenda popote. Mtoto afumbue kwanza, alete alichofumbua, walinganishe. Wengi walinuna wakaenda duka la pili, wakanunua kitabu kizima. Mtoto alinakili majibu yote kabla ya chakula cha mchana, na mzazi akawatangazia majirani kwamba amezaa profesa.

Tuseme ukweli, rafu ya mafumbo haikumlipa. Duka lilisimama kwa madaftari, kalamu na vitabu vya kiada. Rafu ile ilikuwa pale kwa ukaidi wake tu, maana Bi Mikasi alikuwa mtu wa kushikilia jambo lake mpaka wengine wachoke. Mumewe, enzi za uhai wake, alichoka mapema na kuanza kumsaidia kunoa mikasi.

Siku moja aliingia muuguzi mmoja, bado amevaa sare za kazini, amemshika mkono binti yake wa miaka kumi. Bi Mikasi aliwafahamu, kwa sababu kila wiki mama huyo alikuja kununua kifutio. Kifutio kila wiki, kwa mtoto ambaye mama mwenyewe alisema hakosei hesabu, kilikuwa kimemkera Bi Mikasi kwa muda mrefu. Safari hii muuguzi alitaka kitabu cha hesabu cha darasa la saba. Binti yuko la nne, alieleza, lakini anamaliza kazi kabla mwalimu hajamaliza kuiandika ubaoni, kisha anauliza kwa nini iwe hivyo na si vinginevyo. Shule ilimwita mama ikamwambia mtoto hana nidhamu ya kusubiri.

Bi Mikasi alikataa kumuuzia. Kitabu cha la saba, alisema, kitamfanya akifika la saba achoke upya, hapo hata cha kusubiri hatakuwa nacho. Kazi ni ileile, namba tu ndizo zimenenepa. Akaingiza mkono kwenye kisanduku cha kaunta, akatoa gololi tisa, akamgeukia mtoto.

"Hizi zinafanana zote, ila moja ni nyepesi kidogo. Una mizani ya sahani mbili, na ruhusa ya kupima mara mbili tu. Utaijuaje?"

Mama akaanza kusema kwamba lazima kupima kila moja. Mtoto hakumsikia. Alizisogeza gololi, nne kwa nne, akazirudisha, akatafuna kola ya sare yake. Kisha akazigawa tatu, tatu, tatu.

"Tatu kwa tatu," alisema polepole. "Upande ukipanda, nyepesi iko huko. Zikilingana, iko kwenye zile zilizobaki. Halafu kati ya hizo tatu napima moja dhidi ya nyingine. Ni vilevile."

Akacheka, na mama yake akamtazama kana kwamba amesikia redio iliyokufa ikiwaka. Muuguzi hakuwa amesikia kicheko hicho tangu muhula uanze. Alilipia kitabu cha mafumbo bila kuuliza mkia wake uko wapi.

Basi binti akawa mgeni wa duka. Alikuja na karatasi zake, akaketi kwenye kigoda, na Bi Mikasi akafungua kopo na kulinganisha. Akiwa amepata, aliambiwa amepata, bila pipi wala makofi. Akiwa amekosa, aliambiwa amekosa, na hapo Bi Mikasi aliona jambo lililomchoma. Mtoto hakuuliza chochote. Alitoa kifutio, akafuta, akangoja aambiwe cha kuandika. Shuleni, alieleza siku alipobanwa, ukifupisha njia unafuta, unaandika ndefu kama ya ubaoni. Na ukiwa umepata zote mara nyingi mno, unafuta moja na kuikosea, ili mwalimu asikuite mbele kukuuliza unajifanya nani. Alisema hayo kwa utulivu, kama anayemwelekeza mtu njia ya sokoni. Bi Mikasi aliumia moyo, na kwa kuwa hakujua la kufanya na maumivu, aliwafokea wateja wawili waliofuata.

Haukupita muda kitabu kikakamatwa. Mtoto alikuwa amemaliza kazi yake, akakifungua chini ya dawati penye fumbo la ndugu wawili. Kila mmoja ama husema kweli daima au husema uongo daima, na wa kwanza anasema, "Angalau mmoja wetu ni mwongo." Mwalimu wa hesabu alisoma neno mwongo, akapeleka kitabu ofisini. Mwalimu Mkuu, mtu mwenye tai nene na mabango mengi ukutani, aliuliza tangu lini uongo unafundishwa katika shule yake. Binti alijaribu kueleza kwamba huyo wa kwanza hawezi kuwa mwongo, maana angekuwa mwongo maneno yake yangekuwa kweli, kwa hiyo yeye ni mkweli na mwongo ni mwenzake. Mwalimu Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga kitabu kabatini, akamwagiza binti anakili jedwali la kuzidisha kila anapomaliza mapema.

Kitabu kingeozea humo, lakini ikaja barua ya ukaguzi. Mkaguzi atahudhuria Siku ya Vipaji, na shule haikuwa na kipaji chochote cha kuonyesha mbali na kwaya. Mwalimu Mkuu alikumbuka kabati. Kitabu kilekile cha uongo kikageuka hazina ya maswali ya kiwango cha juu, na tangazo la shindano la hesabu likabandikwa langoni siku hiyohiyo. Tangazo lilipokwisha kukauka gundi ndipo mwalimu wa hesabu alipofungua nyuma ya kitabu kutafuta majibu, akakuta kingo safi za mkasi.

Walikuja dukani wawili, Mwalimu Mkuu na mwalimu wa hesabu, wakaomba majibu kwa sauti ya kiofisi. Bi Mikasi aliwakaribisha vigoda na kuwapa karatasi na penseli. Kanuni ya duka ni moja, alisema, onyesha ulichojaribu. Mwalimu Mkuu akakumbusha yeye ni nani. Bi Mikasi akamhakikishia kwamba penseli haitambagua. Mwalimu wa hesabu alijaribu kweli, akatoa jasho, akafumbua mawili na kukwama la tatu. Mkuu wake alitazama saa muda wote, kama mtu anayesubiri daktari mwenye foleni.

Mwishowe wakapatana. Bi Mikasi atatoa kurasa za majibu, maswali yatoke sehemu ambazo binti hakuwa amefika, na binti akishinda, arudishiwe kitabu na awe huru kukisoma darasani kila amalizapo kazi. Asiposhinda, kitabu kibaki kabatini. Mtoto asiyewazidi wenzake, alisema Mwalimu Mkuu, ana haja gani na kitabu cha peke yake? Bi Mikasi alikubali haraka mno. Aliziamini kurasa zake. Miaka yote alikuwa amelinganisha kazi za watoto na karatasi hizo, na hata siku moja hakuwa amezipima karatasi zenyewe.

Siku ya Vipaji ukumbi ulijaa. Mkaguzi aliketi mbele na chupa ya maji, Bi Mikasi kando yake na kopo magotini, muuguzi nyuma akiwa ameomba ruhusa kazini. Kufikia swali la mwisho, binti alikuwa sawasawa na mvulana mmoja wa darasa la saba, aliyekuwa hodari wa kutaja namba upesi. Mwalimu Mkuu akasoma: wachezaji ishirini na saba wa drafti wanashindana kwa mtoano, anayefungwa anatoka, hakuna sare. Itachezwa michezo mingapi mpaka apatikane bingwa?

"Ishirini na sita," alisema binti.

Mwalimu Mkuu akatazama ukurasa, akatikisa kichwa. Mvulana akajaribu ishirini na saba, kwa kuwa ndiyo namba aliyoisikia. Mwalimu Mkuu akaitikia kwa kichwa, kengele ikapigwa na makofi yakaanza. Binti akainamisha uso, mkono ukaenda kwenye kifutio.

"Basi ni ishirini na saba," alisema kwa sauti ndogo, akaanza kufuta.

Bi Mikasi alisimama kabla hajajua amesimama. Kopo likaanguka, kurasa zikatapakaa miguuni mwa mkaguzi.

"Acha kufuta," alisema. "Kwa nini ulisema ishirini na sita?"

Mwalimu Mkuu alieleza kwa upole wa hadharani kwamba jibu limechapishwa, na kwamba mama huyu ndiye aliyelileta. Mkaguzi, ambaye mpaka hapo alikuwa akipambana na usingizi, alisema angependa kumsikia mtoto. Binti alimtazama mama yake, akamtazama Bi Mikasi.

"Kila mchezo unamtoa mtu mmoja," alisema. "Bingwa ni mmoja, kwa hiyo lazima watoke ishirini na sita. Michezo haiwezi kuwa zaidi wala pungufu."

Mwalimu wa hesabu alikuwa amekwisha kutoa kalamu na alikuwa akigawa wachezaji wawili wawili nyuma ya ratiba: kumi na tatu, kisha saba, tatu, miwili, mmoja. Akajumlisha, akajumlisha tena. Kisha akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Ni ishirini na sita, Mkuu."

"Lakini imechapishwa," alisema Mwalimu Mkuu, na alisema kwa huzuni ya kweli.

Bi Mikasi alimwendea, akauchukua ule ukurasa mkononi mwake, akatoa mkasi kwenye mkoba. Mbele ya watu wote alilikata lile jibu, akatia kipande mfukoni. Alisema ukurasa ulikuwa wake na kosa lilikuwa lake, kwa kuuamini bila kuusoma. Mkaguzi akaandika kitu kirefu, na Mwalimu Mkuu akatangaza, kwa kuwa alijua kuona upepo unavuma wapi, kwamba shule yake imewalea watoto wanaojiamini tangu zamani.

Kitabu kilitoka kabatini. Muuguzi hakuja tena kununua vifutio, na Bi Mikasi aliona hasara hiyo akaifurahia waziwazi. Mwalimu Mkuu naye alipita jioni moja, akataka kitabu cha mafumbo kwa matumizi binafsi, na akaomba, ikiwezekana, kisikatwe. Kilikatwa.

Wiki iliyofuata binti aliketi kwenye kigoda na karatasi zake. Bi Mikasi alilinganisha, safari hii akihesabu na yeye mwenyewe kwa penseli, huku miwani ikimteleza puani. La nne lilikuwa limekosewa, na ukurasa ulikuwa sahihi. Alilirudia mara mbili kuhakikisha, maana hakutaka kumwambia.

"Hili umekosa," alisema.

Mkono wa mtoto haukwenda mfukoni. Alivuta kigoda karibu na kaunta, akaegemea viwiko vyake viwili.

"Kwa nini?"