Ofisi Itafungwa Jumatatu

Kwa miaka kumi na tisa Verna Prystupa alikuwa karani wa nyumba za wazee katika mji mdogo wa Saskatchewan, Kanada, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuliona tangazo la mtu mwingine likamridhisha. Duka la dawa lilipobandika karatasi kwamba limefungwa kwa sikukuu bila kusema litafunguliwa lini, Verna alisimama kwenye theluji akaisoma yote, na kesho yake akaingia kuwauliza wenye duka kama walikuwa na nia ya kufungua tena maishani mwao. Tangazo la maktaba alilisahihisha papo hapo mlangoni, kwa kalamu nyekundu iliyokaa mkobani mwake kwa ajili ya shughuli hiyo hasa. Mwenyewe aliita jambo hilo huduma kwa jamii. Watu wa maktaba waliliita jina jingine.

Tangazo la sikukuu, kwa mujibu wa Verna, lina kazi tatu: kusema tumefunga siku gani, tunafungua siku gani na saa ngapi, na apigiwe nani jambo likiharibika hapo katikati. Hayo mengine, picha za kengele na salamu za upendo, ni ya watu wasio na kazi.

Basi ikafika Ijumaa kabla ya Sikukuu ya Familia, mwezi wa pili, baridi ya kukatisha pumzi. Saa sita mchana Verna aliingiza sauti yake kwenye mashine ya kujibu simu ya ofisi. Mafundi wa zamu walikuwa wawili, Lorne na Darrel, wakipokezana wiki kwa wiki, na siku hiyo walikuwa bado wanavutana nani atashika mwisho wa juma mrefu. Jina hana, namba hana. Kwa hiyo akasema kwenye mashine, kwa ile sauti yake ya mtu anayejua anachosema, kwamba kwa dharura mpigaji atazame namba iliyoandikwa mlangoni pa ofisi. Tangazo lenyewe angeliandika baadaye, mafundi wakishapatana.

Saa tisa alasiri mafundi walikuwa hawajapatana. Verna akaandika tangazo hivyo hivyo: Ofisi itafungwa Jumatatu tarehe 16 Februari. Itafunguliwa Jumanne tarehe 17, saa mbili na nusu asubuhi. Kwa dharura, kama joto kukatika au bomba kupasuka, piga simu ya ofisi usikilize maelezo. Akalisoma mara mbili, akaona hakuna neno la kupunguza. Akabandika nakala moja mlangoni pa ofisi na nyingine kwenye ukumbi wa jengo la wazee, ng'ambo ya uwanja wa magari.

Saa kumi na dakika ishirini Lorne akapiga kusema zamu ni yake. Verna akaiandika namba kwenye kijikaratasi cha manjano ili airekebishe mashine kabla ya kutoka, akakitia kijikaratasi mfukoni mwa koti asije akakisahau, akavaa koti akaenda nyumbani. Nyani haoni kundule.

Jumatatu alipika kabichi za kuviringisha, majani yaliyojazwa wali na nyama, sufuria zima, kwa kuwa mama yake mkubwa, Stefa Hnatiuk, alikuwa anakuja kula saa saba. Stefa alikuwa na miaka themanini na sita, mwalimu mstaafu, na aliishi katika jengo lile lile la wazee. Ndiye aliyemlea Verna tangu mama yake Verna alipoanza kusahau, kwanza majina ya vitu, kisha majina ya watu, na mwishowe jina la Verna mwenyewe. Stefa hakuchelewa popote. Ilipofika saa saba na nusu na simu ya Stefa inaita bure, Verna akazima jiko, akavaa koti, akaendesha gari kwenda kwenye jengo la wazee.

Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Alipoingia uwanjani akamwona mtu mlangoni pa ofisi, kajifunga blanketi juu ya koti, pua karibu igusane na kioo. Alikuwa Stefa, anasoma tangazo, kidole chake chenye glavu kikifuata mstari mmoja mmoja kama alivyowafundisha watoto wa darasa la kwanza.

Verna akamtia garini, akafungulia joto mpaka mwisho, akamuuliza anafanya nini huko nje.

"Boila ya joto imezima tangu alfajiri," Stefa alisema, midomo migumu. "Tumebaki watu wanne, wengine wamekwenda kwa watoto wao. Wenzangu wako jikoni kwa Walter wamevaa makoti. Wakanichagua mimi nipige, kwa sababu mimi ni mwalimu."

"Ukapiga?"

"Nikapiga. Ukaniambia nitazame mlangoni. Nikaja mlangoni, ukaniambia nipige simu. Nikarudi nikapiga. Nimevuka huu uwanja mara tano, Verna."

Miaka kumi na tisa ya kalamu nyekundu ilimpitia Verna kichwani, duka la dawa na maktaba na yule maskini wa posta aliyekosea tarehe moja tu. Akatia mkono mfukoni na kijikaratasi cha manjano kikatoka, kimekunjika vizuri, na namba inasomeka bila shida yoyote. Akampigia Lorne. Lorne alikuwa mezani na wanawe. Akasema dakika kumi na tano, na kweli hazikuzidi.

"Lakini mama mkubwa, kwa nini hukunipigia mimi nyumbani?"

"Tangazo linasema mmefunga."

"Ofisi ndiyo imefungwa, si mimi."

Stefa aliweka mikono juu ya tundu la hewa ya moto. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo, si ya mwalimu.

"Niliogopa kukupigia. Mara ya pili nikadhani nimesoma vibaya. Mara ya tatu nikajisemea, ndiyo haya, yamenifika kama yalivyomfika mama yako. Kwa sababu wewe kwenye matangazo hukosei. Nikaona bora nisome tena mpaka nielewe, kabla hujajua."

Verna alitaka kucheka, maana kujicheka mwenyewe ndiyo njia aliyoizoea ya kutoka kwenye aibu, lakini kilichotoka kilikuwa kilio. Alilia akiwa ameshika usukani wa gari lililosimama. Kisha akatoka, akafungua mkoba, akaenda mlangoni na kalamu nyekundu. Wino ulikuwa umeganda kwa baridi. Ikabidi aipulizie kalamu ile na kuisugua kiganjani kama mtoto wa shule kwenye mtihani, Stefa akimtazama kupitia kioo cha gari, mpaka wino ulipokubali. Akaukata mstari wa mwisho kwa mkato mmoja mrefu, akaandika namba ya Lorne, na chini yake namba ya nyumbani kwake mwenyewe. Hakuishia hapo. Akapiga mstari chini ya kazi yote, akaweka alama kama zile ambazo mama yake mkubwa alikuwa akiwapa watoto: moja juu ya tatu.

Akarudi garini akitetemeka.

"Akili yako iko sawa, mama mkubwa. Yangu ndiyo iliyofungwa."

Stefa akafuta kioo kwa glavu, akalisoma tangazo tena kwa mbali, taratibu, mpaka chini.

"Mbili juu ya tatu," alisema. "Siku ya kufunga na siku ya kufungua uliziandika vizuri."