Herufi Nyeupe Kwenye CV ya Dada

Kwa miaka nimekana kwamba CV ya kwanza ya dada yangu, ile iliyokataliwa kabla chai ya asubuhi haijapoa, niliiandika mimi. Watu walioniuliza niliwaambia aliandikiwa na mtu mmoja wa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Mtu huyo hayupo. Nilikuwepo mimi, na digrii yangu ya fasihi, na kiburi cha mtu anayedhani anajua kupamba ukurasa.

Dada alinitangulia mbali kuzaliwa. Ujana wake ulipita kwenye ghala la ushirika hapa Palma, miaka ile ya baada ya uhuru, sabuni, majembe na vitambaa vilipokuwa vinagawiwa vijiji hadi Pundanhar. Baadaye alitunza ghala la mbegu la wilaya mpaka lilipofungwa. Halafu ikaja gesi, na kampuni moja inayohudumia kambi ya wafanyakazi wa gesi ikatangaza kazi ya mtunza ghala. Mwanawe alikuwa ameshamwandalia chumba Pemba akalee wajukuu.

"Nawapenda," dada aliniambia, "lakini wajukuu hawana mwisho wa zamu."

Akiikosa kazi, anahama. Hivyo ndivyo alivyomwahidi mwanawe, na dada havunji ahadi.

Maelezo yake ya kazi alikuwa nayo tayari, kwa mkono, yameandikwa kama walivyofundishwa zamani zile: biografia. Yalianza na baba yetu alikuwa nani na alilima nini, yakapita kwenye kampeni ya kufuta ujinga, yakaishia na kujikosoa. "Msimu wa mvua niliacha magunia ya sukari sakafuni bila mbao chini, yakalowa. Nilijikosoa mbele ya seli." Seli ni tawi la chama mahali pa kazi. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

"Dada, hakuna mtu anayejishtaki kwenye CV."

"Sasa watajuaje kwamba sitarudia?"

Nikayaweka kando, nikatunga yangu. Safu mbili sambamba. Picha ndani ya duara. Namba ya simu kwenye utepe wa juu kabisa wa ukurasa, ujuzi ndani ya visanduku vyenye nyota. Cheo cha mtunza ghala nilikiona kikavu, nikaandika "Mlezi wa Rasilimali za Jamii". Tukaituma kwa tovuti ya kampuni. Tovuti ikaisoma CV na kujaza fomu yenyewe, nami nikabonyeza "endelea" bila kuangalia imejaza nini. Kesho yake asubuhi tukashukuriwa na kutakiwa heri.

"Mashine," nilimwambia dada. "Haina macho."

"Nani aliyeiandikia kitu kisichoonekana?" akauliza. Ndipo yule mtu wa Pemba alipozaliwa, kwa ajili ya majirani.

Mwezi ule ule kampuni ikatangaza nafasi ya pili, ghala jingine, mwisho Ijumaa jioni. Mpangaji wetu, mtumishi wa utawala aliyehamishiwa hapa kutoka kusini, akatuletea dawa.

"Dona, hiyo mashine inatafuta maneno tu," alimwambia dada kwa heshima ya Kireno. "Nakili tangazo lote, libandike chini ya CV, herufi ndogo kabisa, rangi nyeupe. Mtu haoni. Mashine inaona kila kitu."

"Kwa hiyo naiambia mashine nisichomwambia mtu," dada akasema.

"Kila mtu anafanya hivyo."

"Hata ghalani kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Ndiyo maana ghala likawa na kufuli."

Nilikuwa upande wa mpangaji. Naandika hili bila fahari. Alhamisi, dada alipokwenda kijijini Mute kwa shangazi, nilibandika tangazo zima kwa herufi nyeupe. Nikataka kuhakikisha kwamba mashine itaziona, hivyo nikanakili CV yote na kuimwaga kwenye ukurasa mtupu wa maandishi, ule usiojua rangi wala mistari.

Herufi nyeupe zilitokea zote. Nyeusi tititi. Tangazo lao neno kwa neno, pamoja na "mlolongo wa baridi", yaani kutunza vitu vya jokofu, kazi ambayo dada hajawahi kuifanya. Yeyote pale kampuni ambaye angefungua maandishi hayo yaliyochujwa angejua papo hapo tumemwona mjinga.

Lakini kilichonitoa jasho kilikuwa juu yake. Safu zangu mbili zilikuwa zimesukwa pamoja: mwaka wa ushirika umeangukia kwenye lugha anazozungumza, shule ya msingi imegeuka mwajiri. Visanduku vya ujuzi havikuwepo. Namba ya simu, ile ya kwenye utepe wa juu, haikuwepo. Hata angekuwa mtunza ghala bora wa pwani nzima, wangempigia wapi?

Dada aliporudi nilimwonyesha vyote, pamoja na herufi nyeupe. Alisoma hadi mwisho.

"Futa," akasema. "Halafu niulize kama unavyomuuliza mtu."

Tukakaa na tangazo katikati yetu. Safu moja tu, bila picha, simu ndani ya ukurasa wenyewe, vichwa vya kawaida: Uzoefu wa Kazi, Elimu, Ujuzi. Mlezi wa rasilimali akazikwa, akarudi mtunza ghala. Nilisoma neno la tangazo, yeye akajibu.

"Kupokea mizigo?"

"Nilihesabu kila gunia mbele ya dereva kabla hajaondoka."

"Tunaandika. Kuhesabu mali?"

"Kila mwisho wa mwezi, na kadi ya kila bidhaa."

"Mlolongo wa baridi?"

"Hapana."

"Dada, mbegu nazo si zinataka ubaridi kidogo..."

"Mdogo wangu. Hapana."

Kila neno tulilochukua kwenye tangazo tuliliweka ndani ya sentensi inayosema alilifanyia wapi. Nikaimwaga tena kwenye ukurasa mtupu. Safari hii ilisomeka kutoka juu hadi chini kama mtu anayeongea.

Ijumaa alasiri mtandao ulikuwa unakuja na kutoweka. Tulikagua kila kisanduku tovuti ilichojaza, halafu likaja swali: Je, unajua kutumia programu ya kompyuta ya kusimamia ghala? Ndiyo. Hapana. Kwenye tangazo ilikuwa sifa ya ziada, si ya lazima, lakini nani anajua mashine imeambiwa nini?

"Weka Ndiyo," nikamwambia. "Utajifunza wiki moja."

"Basi wiki hiyo ikiisha nitaweka Ndiyo."

"Watakutupa, dada. Utakwenda Pemba kwa neno moja."

Dada alinyoosha kidole na kubonyeza Hapana mwenyewe. Kiduara cha mtandao kikazunguka, kikazunguka. Ombi likaenda.

Wiki iliyofuata tukasubiri. Masanduku yake yalikuwa yamefungwa kamba barazani. Simu aliiweka dirishani, mahali pekee inaposhika vizuri, na ilipolia alifungua sauti ili nisikie. Mwanamke, Kireno cha kusini, mwenye haraka.

"Mama, umeandika hujui programu ya ghala."

"Sijui."

"Karibu wote wameandika wanajua."

Dada akaniangalia. "Heri yao."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa upande wa pili.

"Umepokea saruji, mvua inanyesha. Unaiweka wapi?"

"Juu ya mbao, mbali na ukuta. Sakafu niliwahi kuijaribu, na sukari."

"Ikawaje?"

"Ikalowa. Nikasimama mbele ya wenzangu nikasema ni mimi."

Yule mwanamke akacheka kidogo, kama asiyetaka kusikika.

"Utaanza kwa majaribio. Mafunzo ya programu ni Jumatatu, njoo na kitambulisho. Na hii namba ndiyo yako, si ndiyo? Maana safari ile ya kwanza hatukuiona."