Mtulinga wa Kamanda Modeste

Siku ile Modeste aliingia katika chumba cha tribunali ya kijeshi, Uvira, amevaa shati jeupe na suruali ya buluu ya shule. Ndevu amenyoa mpaka mashavu yanang'aa. Spès, mdogo wake wa kuzaliwa, nusura acheke. Shule gani hiyo? Modeste huyu, shule aliiacha akiwa bado hajui kugawanya. Na katika barabara ya Mutarule, pale yeye na wanamgambo wake walipofunga njia kwa kamba na bunduki, wazee wenye mvi walilazimika kumwita "Papa Kamanda", yaani baba. Asiyesema Papa alilala chini kwenye matope.

Leo Papa alikuwa mtoto.

Na hilo halikuwa la kucheka. Mwaka juzi Modeste alichoma nyumba ya Spès kule Nyakabere, kwa sababu Norbert, mume wa Spès, alikataa kumbebea risasi. Norbert alipigwa mguu, na mpaka leo anatembea na fimbo. Kuta zilibaki, lakini Norbert hakuezeka. "Niezeke ili nani arudi kuchoma?" alisema. Modeste alidai leo ana miaka kumi na tisa, kwa hiyo wakati wa moto alikuwa na kumi na saba. Tribunali ya kijeshi haihukumu mtoto. Angepelekwa kwa jaji wa watoto, na baada ya muda mfupi angerudi uwanja uleule wa nyumba aliyoichoma, kwa miguu yake.

Cheti cha kuzaliwa hakuna, kiliungua na vingine. Mama yao alilia tu, hakusema mwaka. Ndipo Modeste mwenyewe akaomba skana, picha ya mashine inayoonyesha mifupa. Gerezani alikuwa amejipapasa chini ya koo, akakuta shimo mahali mtulinga, ule mfupa mwembamba unaotoka begani, unapokutana na kifua. Alikuwa amesikia kwamba mfupa huo kwa vijana haujafunga. Basi akaamini dawa ya kesi iko mwilini mwake.

Dokta Charlotte alitoka Bukavu, kulikofanyika skana, akasimama na picha zake.

"Mbona si radio ya kawaida, ile picha ya eksirei?" jaji aliuliza.

"Radio inaweka kivuli cha mbavu na uti wa mgongo juu ya ncha hiyo, Mheshimiwa. Skana inakata mfupa vipande vyembamba, chini ya milimita moja. Tunatazama vyote, kulia na kushoto."

Modeste hakungoja. Akafungua kifungo cha shati, akaweka kidole kooni.

"Mheshimiwa, angalia! Iko wazi! Kidole inaingia! Minye ningali mutoto!"

Dokta alimtazama kama mtu anayetazama viatu vilivyovaliwa kinyume.

"Hapo ni kiungo tu, pale mtulinga unapogusa mfupa wa kifua. Kila mtu anacho."

Nyuma ya chumba, babu yao Gaspard, aliyebeba mkuki katika uasi wa miaka ya sitini akidanganya kwamba ni mtu mzima, alijipapasa koo.

"Ata minye iko nalo," akasema kwa sauti. "Basi minye pia ni mutoto, munipelekee ku shule!"

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Hata askari wa mlangoni aligeuza uso. Modeste akabaki na kidole chake kooni.

Dokta alisubiri watulie. Alieleza kwamba ncha ya mtulinga huota kifuniko chembamba cha mfupa, ambacho huungana nao polepole, baada ya mifupa mingine yote. "Kama kingeungana nusu tu, ningesema sijui, na shaka hiyo ingemfaidi yeye. Kutofunga hakuthibitishi utoto. Lakini hapa kimefunga chote, pande zote mbili. Limebaki kovu tu. Katika watu waliopimwa, hakuna aliyefika hapo kabla ya miaka ishirini na moja. Umri wake kamili siwezi kuutaja."

"Na mwaka juzi?" jaji akauliza.

"Toa miwili. Kumi na tisa, kwa uchache."

Jaji akasema kesi itaendelea palepale. Modeste akageuka, macho yakimtafuta Spès.

"Dada yangu, waambie! Weye unajua umri wangu!"

Spès alimtazama kuanzia suruali ya shule, ambayo miguuni ilikuwa imemfupikia, mpaka mashavu yale yaliyonyolewa.

"Minye? Minye niko mudogo yako, Papa Kamanda. Batoto habasemi mbele ya bakubwa."

Akatoka nje. Kule Kavimvira, mtaa wa Uvira ambako Norbert alimngojea kivulini na fimbo yake, Spès hakumwambia habari za kifuniko wala kovu. Alimwambia hivi:

"Kesho tafuta mabati."