Bimo wa Nyumba Mbili

Mwanangu alipokuwa na miaka miwili na ushee, mimi na mama yake tulikuwa tumeshaachana, na mama yake alikuwa ameshaolewa Ihumwa na bwana mmoja wa wizarani. Mimi nilibaki Gulwe nikifundisha darasa la awali. Mtoto nilipewa baadhi ya miisho ya wiki: namfuata Jumamosi asubuhi, namrudisha Jumapili. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilikuwa na wivu kabla sijawa na hadithi.

Yule bwana sikuwa na la kumlaumu, na hilo ndilo lililoniudhi. Hanywi, hagombi, shati lake limepigwa pasi hata siku ya mapumziko. Mtoto alimwita anko. Angekuwa mtu wa hovyo ningemchukia kwa raha zangu, lakini hata raha hiyo alininyima.

Jumamosi moja nilimwogesha binti yangu, nikamlisha, nikamlaza, nikaanza hadithi niliyoitunga wiki nzima. Ilikuwa ya msichana aliyepotelewa na mbuzi, na rafiki yake nguchiro, kale kamnyama kembamba kanakosimama kwa miguu ya nyuma kando ya reli kuchungulia nani anapita. Nguchiro wangu alikuwa anaongea, na nilimpa jina la Chirikoro. Jina lilinipendeza mno. Nililisema kwa madaha, nikamwangalia mwanangu alirudie.

Aliutazama mdomo wangu, akachezesha midomo yake, akatoa “ko.” Akajaribu tena, ikatoka “kolo.” Kisha akageukia ukutani na kusema maneno mawili: “Anko hadithi.”

Sikuwa najua kama yule bwana humsimulia hadithi. Nilidhani analeta tu mkate na kulipa umeme. Kumbe usiku, wakati mtoto analainika na kusikiliza, saa ambayo mzazi anaingia kichwani mwa mtoto na kukaa, ni yeye aliyekuwa pembeni ya kitanda. Wivu ulinishika nikashindwa hata kumalizia habari za mbuzi. Nilikaa pale hadi mtoto akalala, nikaapa kwamba nitatengeneza jina ambalo binti yangu ataondoka nalo mdomoni, alifikishe Ihumwa, alitamke sebuleni kwa yule bwana mpaka amwulize mkewe huyo ni nani. Nilitaka kuwemo katika nyumba ile hata kama ni kwa umbo la nguchiro.

Kazi hiyo naijua, ni vile tu Chirikoro nilimtunga kwa kujifurahisha masikio. Mtoto wa umri ule huwa anashika mwisho wa neno, pale sauti inapokaza na silabi inayofuata. Ukimpa silabi nne, mbili za mwanzo zinaanguka njiani. “R” bado hana, ataigeuza “l” au ataiacha. “Ch” inamtatiza ulimi. Lakini sauti za midomo, “b” na “m” na “p,” anazo tangu uchanga, kwa sababu anaziona zikitengenezwa usoni pa anayemsemesha. Na akishindwa neno mara mbili tatu hatakwambia kwamba limemshinda. Atalikwepa, na pamoja nalo atakukwepa wewe.

Basi nikatafuta jina la silabi mbili, kila moja konsonanti na irabu yake, lisiloanza na “mb” wala “nd.” Nikaona Pipo, nikamkataa, maana angeomba pipi. Dodo naye angeleta kilio cha embe. Bibo yuko karibu mno na bibi, na mtoto angemtafuta bibi yake mlangoni. Jina lisiwe jirani wa mtu wala wa chakula. Nikataka pia liishie kwa irabu ya kupaaza, kwa sababu mnyama wa hadithi huitwa kutoka mbali, na mtoto hupenda kuita. Ndipo nikampata Bimo.

Nilimjaribu shuleni. Wanafunzi wangu wenyewe hawakunifaa, mtoto wa miaka mitano atatamka chochote ukimwambia. Lakini mama zao huja kuwachukua na wadogo zao, wengine mgongoni, wengine wameshika khanga. Nilichuchumaa mbele ya hao wadogo nikawasemesha. Kwa Chirikoro walinikodolea macho. Kwa Bimo mmoja alicheka, mwingine akasema “Bimo” papo hapo, na yule wa mgongoni akaendelea kulisema mama yake akiondoka, mpaka nikaacha kumsikia. Siku hiyo nilifundisha kwa furaha mbaya.

Jina peke yake halitoshi, linahitaji mahali pa kukaa. Nikaliweka mwisho wa sentensi, sentensi ileile kila mara mambo yanapoharibika: “Msichana akaita, akaita, akaja nani?” Hapo msimuliaji ananyamaza. Hadokezi, hasaidii, anangoja tu huku uso ukiwa wazi. Bimo naye nikampa maneno yasiyozidi uwezo wa mtoto: “Bimo yupo.” Anajitaja kwa jina, kama wanavyojitaja wao kabla hawajaizoea “mimi.” Na kila akisema hivyo, anasimama wima kama nguchiro.

Ziara iliyofuata nilifika kwenye “akaja nani?” nikanyamaza. Mara ya kwanza nilijibu mwenyewe ili alisikie. Mara ya pili pia. Mara ya tatu nikangoja, na binti yangu akainuka katikati ya shuka, akasimama wima, akasema, “Bimo.” Halafu akaongeza, bila kuombwa, “Bimo yupo.” Nilimbeba nikazunguka naye chumba kizima. Kesho yake nilimrudisha Ihumwa akiwa anaimba jina hilo njia nzima, na mimi nikamkabidhi kama mtu anayepeleka mzigo wenye pilipili ndani.

Siku chache baadaye simu ikaita. Alikuwa yule bwana.

“Mwalimu, habari za Gulwe?”

“Njema.”

“Samahani kukusumbua. Huyu Bimo ni nani?”

“Ni wa huku kwangu.”

“Ni mnyama, au mtoto wa jirani? Maana kila tukimlaza anamwita. Ningependa nami nimsimulie.”

“Muulize mwenyewe.”

“Nimemuuliza, anasema Bimo tu.”

“Basi ni Bimo,” nikasema, nikamtakia kazi njema. Nililala usingizi mzuri sana usiku ule.

Mwisho wa wiki uliofuata nilimchukua binti yangu nikiwa na hamu kama ya bwana harusi. Jioni nikaanza hadithi. Msichana akaita, akaita, akaja nani? Nikanyamaza. Mtoto akanitazama, akakunja midomo ndani kabisa, akavuta shuka hadi puani. Nikarudia. Akaficha macho. Nikasema mwenyewe “Bimo,” na yeye akatikisa kichwa kama nimemletea dawa ya minyoo.

Sababu niliiona kesho yake nilipomrudisha. Yule bwana alitukaribisha sebuleni, akampakata mtoto, akataka kunionyesha kwamba yeye pia yumo. “Haya, mwonyeshe baba. Sema Bimo. Sema. Bi-mo. Sema Bimo Bimoka, Mjanja wa Mapangoni.” Mtoto akateleza kutoka mapajani akaenda kujifunika na khanga ya mama yake.

“Ndiyo hivyo kila siku,” mama yake akasema. “Mwanzoni alikuwa anasema. Sasa hivi hata ukimtajia analia.”

Nisidanganye, kitu cha kwanza kunijia kilikuwa furaha. Nilimwangalia yule bwana na pasi yake na wizara yake, nikajisemea kwamba hapa leo umegonga mwamba. Furaha hiyo haikufika hata mwisho wa chai. Mtoto aliyemkatalia yeye ndiye aliyenikatalia mimi jana yake. Jina lilikuwa linakufa, na halikuwa linafia mdomoni mwa yule bwana. Lilikuwa linafia kwa binti yangu. Jina la hadithi kwa mtoto wa miaka miwili linaishi kwa kurudiwa karibu kila usiku, kwa namna ileile, na usiku mwingi wa mwanangu ulikuwa wa nyumba ile. Mimi nilikuwa na usiku mmojammoja wa kuokoteza. Ama huyu mtu ajifunze, ama Bimo asiwepo tena, si kwake, si kwangu.

Niliweka kikombe chini. Kisha nikamwambia yule bwana anisikilize.

“Ni nguchiro,” nikasema. Maneno yalitoka kama jino linalong’olewa. “Hana jina la pili. Toa hayo ya Bimoka. Ukiongeza jina mbele au nyuma, anapoteza pa kushika. Na usimwambie sema. Ukimwambia sema, umemweka kwenye mtihani.”

“Sasa atasemaje?”

Nikamfundisha. Nilimpa hadithi ya mbuzi na sentensi yangu, neno kwa neno. Nikampa kusimama wima. Nikampa hata “Bimo yupo,” ambayo nilitamani kubaki nayo. Alikuwa msikivu, hilo nalo liliniuma. Aliuliza maswali ambayo ningeyauliza mimi.

“Nikinyamaza, ningoje hadi lini?”

“Hadi uone aibu. Halafu ungoje tena kidogo.”

“Asipojibu?”

“Bimo anakuja tu na hadithi inaendelea. Humwangalii vibaya, humuulizi kwa nini.”

Hakumwita mtoto wala kumgusa, alianza tu kumsimulia mama yake kana kwamba mtoto hayupo. Mbuzi kapotea, giza linakuja. Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu kuliko yangu, naomba niseme hivyo na lisirudiwe. “Msichana akaita, akaita, akaja nani?” Akanyamaza. Alinyamaza vizuri. Mimi ningekuwa nimeshakohoa. Mtoto akatoa uso kwenye khanga, akautazama mdomo wa yule bwana, na mimi nikainamisha macho kwenye zulia kwa kuogopa kwamba nitamjibia.

“Bimo,” akasema. Akasimama wima katikati ya sebule. “Bimo yupo.”

Yule bwana hakushangilia, maana nilikuwa nimemkataza. Aliendelea na hadithi, na mtoto akasogea, akaegemea goti lake, akangoja zamu ya pili. Ilipofika aliijibu kabla ya wakati. Hadithi ilipokwisha yule bwana akaniambia, “Mwalimu, Mungu akubariki. Sasa tutalala vizuri.”

Hilo “tutalala” lilinichoma kuliko yote niliyokuwa nimeyasikia katika nyumba ile. Nikamwambia, “Usibadilishe kitu,” nikasimama kuaga.

Binti yangu alinipungia mkono akiwa palepale gotini. Kisha akaniita, “Baba,” nami nikageuka haraka. Hakuwa na haja nami. Alitaka nikae, nisikilize, anko anaanza tena.

Nilikaa.